Ukurasa Usio na Walioanguka

Demetria Haule alishukuru mara tano kabla hajaitaja dawa. Aliwashukuru washiriki wa utafiti, akazishukuru familia zao, akaushukuru uongozi wa mtaa, akawashukuru waliojitolea damu ya vipimo kana kwamba hao si washiriki wale wale, kisha akamshukuru Mungu, halafu akamfuta kwa kukumbuka kwamba karatasi itapita mbele ya kamati ya maadili. Hapo robo tatu ya ukurasa wa kwanza ilikuwa imekwisha. Mtu anayeandika namna hiyo ana jambo analolikwepa, na Demetria alikuwa nalo.

Alikuwa muuguzi wa utafiti katika kliniki moja ndogo ya Chang'ombe, nyuma ya karakana za kuchomea mageti. Kwa mwaka na nusu kliniki hiyo ilikuwa ikijaribu kidonge, ambacho tayari huuzwa madukani kwa maradhi mengine, kwa wagonjwa wa kisukari ambao miguu yao inawaka moto, wale wanaolala na nyayo nje ya shuka na kuamka wamechoka kuliko walivyolala. Watu mia mbili na arobaini walikubali kuingia. Nusu yao walipewa kidonge chenye dawa. Nusu ya pili walipewa kidonge cha rangi ile ile na umbo lile lile ambacho ndani hakina dawa. Kompyuta ndiyo iliyogawa, na mpaka mwisho hapakuwa na mgonjwa wala muuguzi aliyejua nani anameza kipi. Kila mmoja alimeza kwa wiki kumi na mbili, akaulizwa maumivu yake, akaenda zake.

Sasa hesabu zilikuwa zimefunguliwa. Katika watu mia na ishirini waliomeza dawa, thelathini na wanane maumivu yao yalipungua kwa nusu au zaidi. Katika mia na ishirini wa upande wa pili, thelathini na sita. Tofauti ya watu wawili, ambayo hata bahati tu inaweza kuileta. Dawa haikuonyesha kwamba inakishinda kidonge kitupu. Lakini kati ya waliomeza dawa, kumi na saba walianguka, na upande wa pili walianguka sita. Waliovunjika mfupa walikuwa wawili, wote wa upande wa dawa.

Wanasayansi walikuwa wameshaandika yao kwa lugha yao. Wenye miguu nao walikuwa na haki ya kuambiwa kwa lugha yao, na kazi hiyo Daktari Lusungu, mtafiti mkuu, alimwachia Demetria kabla hajasafiri kwenda Mbeya.

"Andika aliyemaliza darasa la saba aelewe," alimwambia. "Karatasi moja, mbele na nyuma. Tuliuliza nini, tulifanya nini, tuliona nini, mazuri na mabaya, na kwao maana yake nini. Usiipigie dawa debe, na usiwatishe watu. Ukimaliza, wape washiriki wachache waisome, kila mmoja akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Nitaisoma nikirudi, ndipo iende kwenye kamati."

Maelekezo yalikuwa mepesi hivyo. Demetria alifika penye matokeo akaandika: "Washiriki sabini na wanne walipata nafuu kubwa ya maumivu." Akaitazama sentensi hiyo kwa muda. Ilikuwa kweli tupu. Thelathini na wanane ukijumlisha na thelathini na sita unapata sabini na wanne, hata mtoto anajua. Ila kwa kuwajumlisha pamoja, alikuwa amelifukia swali lenyewe ambalo watu mia mbili na arobaini walitoa miguu yao ili lijibiwe. Chini yake akaandika: "Baadhi ya washiriki walipata usingizi na kizunguzungu." Akaweka nukta. Walioanguka akawaacha, akijiambia kwamba nafasi haitoshi. Nafasi ilikuwa imeliwa na shukrani zake mwenyewe.

Sababu yenyewe ilikuwa hii, na tuiseme waziwazi maana yeye hakutaka hata kuiwaza. Mwaka uliopita, utafiti ulipokuwa na wiki chache tu, watu walikuwa hawaingii. Ofisi ilikuwa ikiuliza kila Jumatatu wangapi wameandikishwa, na Demetria alikuwa akijibu kwa sauti inayozidi kuwa ndogo. Wakaitisha mkutano kwenye ukumbi wa serikali ya mtaa. Siku hiyo alikuwepo Bi Jokha, mwenye duka la vitambaa barabara ya pili, mama mnene mcheshi wa ukoo wa Kiarabu ambao umefanya biashara mtaani hapo tangu enzi za babu yake. Bi Jokha alikuwa na wiki tano ndani ya utafiti na miguu yake ilikuwa imetulia. Demetria amelelewa Songea katika jumuiya ambayo mtu akipata nafuu husimama akashuhudia, na wenzake wakafarijika. Akamwinamia Bi Jokha sikioni, akamwambia, "Bibi, simama uwaambie ulivyopona."

Haikuruhusiwa. Demetria alifundishwa siku ya kwanza kabisa: mshiriki hatumiwi kuwavuta wengine, na dawa inayojaribiwa haisifiwi, maana kama ingejulikana inafaa, isingejaribiwa. Alijua. Lakini Bi Jokha alisimama, akaapa kwa jina la Mungu kwamba sasa analala usiku kucha, akapiga mguu sakafuni watu wakacheka. Wiki hiyo waliandikishwa watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Apolinari, mstaafu wa shule ya msingi, aliyeanguka kwenye ngazi za nyumba yake mwezi wa pili wa kumeza vidonge akavunjika nyonga.

Taarifa ya kuanguka kwake Demetria aliijaza siku ile ile na kuituma ngazi zote zinazostahili, bila kuruka kisanduku hata kimoja. Kwa wakubwa aliandika kila kitu. Kwa washiriki wenyewe ndipo kalamu ilipokauka.

Msomaji wa kwanza wa kuijaribu karatasi alikuwa Tupokigwe, mama lishe wa karibu na karakana, aliyeingia kwenye utafiti wiki ile ile ya ule mkutano. Alikuja asubuhi kabla ya watu wa chai, mikono ikinukia vitunguu, akasoma akifuatisha mistari kwa kidole.

"Enhe, nieleze," Demetria alisema. "Kama mimi ni jirani yako sijui lolote, ungeniambia karatasi inasema nini?"

"Inasema mnatushukuru sana," Tupokigwe alisema.

"Na dawa?"

"Dawa inafaa. Watu sabini na kitu wamepona. Sasa sista, mtaanza kuigawa lini? Maana mie miguu imerudia kuwaka, na kuna duka la dawa pale Temeke nimeambiwa wanacho kidonge kama hichohicho. Si nikanunue tu?"

Demetria alimwambia asinunue kwanza, asubiri. Tupokigwe akauliza kwa nini asubiri kitu kinachofaa. Swali lilikuwa la akili kabisa, na Demetria alijibu kwa kusema kwamba karatasi hii bado ni ya majaribio, itaboreshwa. Tupokigwe alimtazama kidogo kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akakunja kanga yake akarudi kwenye masufuria. Demetria alibaki anaona uso unamwaka peke yake chumbani.

Msomaji wa pili hakumchagua yeye. Clara wa takwimu ndiye aliyetoa majina kwenye orodha bila kuangalia, na jina lilipotoka Demetria alitafuta kila kisingizio. Mwalimu yuko mbali. Mwalimu ni mgonjwa. Clara akasema, "Yuko mtaa wa tatu, na nimeshampigia, kasema atakuja mwenyewe." Akaja kweli, kwa magongo mawili, shati limepigwa pasi, akapumzika mara mbili kati ya geti na mlango.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, sista. Habari za siku nyingi?"

Alisoma kimya mbele na nyuma, akarudi mbele. Demetria alishughulika na mafaili yasiyohitaji kushughulikiwa. Hatimaye Mwalimu aliweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Mwandiko safi," alisema. "Nieleze kwa maneno yangu, ndivyo alivyosema binti wa simu. Basi nimeelewa kwamba watu wengi walipona, na baadhi walisinzia." Akaigeuza karatasi tena. "Mimi niko wapi humu?"

"Majina hatuandiki, Mwalimu. Ni siri ya mshiriki."

"Jina silitaki. Nauliza watu wa aina yangu wako wapi. Sikusinzia mimi. Nilianguka."

Demetria alisema karatasi ni moja tu, na mambo ni mengi.

"Walianguka wangapi?"

"Ishirini na watatu," alijibu, na jibu lilitoka haraka kabla hajalizuia. "Kumi na saba waliokuwa kwenye dawa, na sita wa kidonge kisicho na dawa."

Mwalimu Apolinari hakuinua sauti. Miaka thelathini na minne ya kufundisha ilikuwa imemtosha kwa kelele. "Kumbe idadi unayo kichwani," alisema, "na kwenye karatasi haipo."

Hapo Demetria alitamani sakafu ipasuke. Mwalimu akaendelea polepole, akiangalia dirishani. "Wanangu waliniuliza, baba ulikuwa unawaza nini kwenye zile ngazi. Nikawaambia ni uzembe wangu, sikuwasha taa. Nimeomba radhi nyumbani kwangu mwaka mzima kwa uzembe huo. Hata mke wangu ananishika mkono sasa kama mtoto." Akageuka. "Ni kidonge kilichoniangusha?"

"Kwa mtu mmoja mmoja hakuna awezaye kusema, Mwalimu. Labda ungeanguka hata bila kumeza kitu. Ila ukiwapanga watu wote, upande wa dawa walianguka karibu mara tatu ya upande wa pili. Ukitaka kujua ulikuwa upande gani, sasa ruhusa ipo. Ni hiari yako."

"Nataka."

Alimwambia. Upande wa dawa. Mwalimu akatikisa kichwa mara moja, akachukua magongo yake. Mlangoni alisema, bila kugeuka, "Hayo uliyonieleza sasa hivi, mbona nimeyaelewa vizuri sana. Hayo ndiyo uandike."

Daktari Lusungu aliporudi, Demetria alimpelekea karatasi mbili, ile ya kwanza na nyingine mpya, na akamweleza habari ya mkutano na kiapo cha Bi Jokha, tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa amesimama maana hakukaribishwa kiti wala hakukitaka. Daktari alisikiliza. Demetria alipomaliza, Daktari alivua miwani akajikanda macho.

"Watu kumi na mmoja kwa wiki moja," alisema. "Niliona ile namba. Nikafurahi, sikuuliza. Kosa hilo ni langu." Kisha: "Hii naiandikia kamati ya maadili leo, pamoja na jina lako. Sijui watasemaje."

Kamati ilisema mengi, na barua yake Demetria aliisoma akiwa ameufunga mlango. Alipewa onyo la maandishi na kurudishwa mafunzoni. Katika utafiti utakaofuata atasimamiwa na mwenzake. Na kwenye muhtasari wa washiriki kamati iliagiza kiongezwe kipande kinachoeleza kilichotokea ukumbini, asitajwe mtu. Kipande hicho alikiandika yeye. Kilikuwa na sentensi tatu na kilimchukua siku mbili: "Katika mkutano mmoja, mfanyakazi wetu alimwomba mshiriki asimulie nafuu yake mbele ya watu. Hilo halikupaswa kufanyika, kwa sababu wakati huo hakuna aliyejua kama dawa inafaa. Kosa ni letu, si la mshiriki huyo." Shukrani zilibaki mstari mmoja. Namba zote zikaingia, na pakapatikana hata nafasi ya kusema kwamba huu ni utafiti mmoja tu, kwamba mtu asinunue kidonge hicho kwa ajili ya miguu bila kumwona daktari, na kwamba anayekitumia asikiache ghafla peke yake.

Kabla ya siku ya kuigawa, alikwenda dukani kwa Bi Jokha. Bi Jokha alimwita mwanangu kama kawaida, akamvutia kigoda kati ya majora ya vitambaa, akammiminia kahawa. Alisoma akiwa ameivaa miwani kwenye ncha ya pua. Alipofika kile kipande, mkono wake ulikwenda mdomoni.

"Huyu mshiriki ndiye mimi."

"Ndiyo, bibi."

"Na mie nilikuwa kipi? Nambie. Nataka kujua."

"Kisichokuwa na dawa."

Nje kulikuwa na watu wakibishana bei ya pazia na mjukuu wake Maisa, na maneno yao yote yalisikika. Bi Jokha alivua miwani. "Lakini mie nililala, mwanangu. Wallahi nililala."

"Ulilala, bibi. Nafuu yako ilikuwa ya kweli, hakuna anayesema umeongopa. Watu thelathini na sita wa upande wako walipata hivyo hivyo. Maumivu ya miguu hupanda na kushuka yenyewe, na mtu akitunzwa na kuulizwa hali kila mara naye hupata ahueni. Ila haikuwa dawa."

"Nimemwapia Mungu kwa kidonge kitupu." Alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Mwalimu Apolinari alinijia hapa, akanikuta nimekaa hapa hapa. Akaniuliza, Bi Jokha, una hakika? Nikamwambia nenda, Mwalimu, nenda ukapone. Alipovunjika nikampelekea halua. Halua, mwanangu." Machozi yalimtoka akayaacha.

Demetria alisema kosa lilikuwa lake, na karatasi imesema hivyo. Bi Jokha akaitazama tena. "Karatasi imesema mfanyakazi," alisema. "Wafanyakazi mko wangapi pale?" Hakusema kwa ubaya. Demetria alimeza kahawa ya moto ikamuunguza, akaaga. Njiani alijiapiza kwamba siku ya mkutano atajitaja mwenyewe.

Mkutano ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi ule ule. Walifika zaidi ya mia na hamsini. Karatasi zikagawiwa, na kwa kuwa si wote wana macho ya kusoma, Demetria alisimama mbele kuisoma kwa sauti. Daktari Lusungu alikaa pembeni. Mwalimu Apolinari alikuwa mstari wa katikati, magongo yameegemezwa ukutani. Bi Jokha alikaa karibu na mlango, amejitanda ushungi mpaka kwenye nyusi, yeye ambaye kila siku kicheko chake ndicho kinachotangulia.

Demetria alisoma swali la utafiti. Akasoma dawa na kidonge kitupu, watu wakaguna. Akasoma thelathini na wanane, thelathini na sita, akaeleza maana yake kwamba dawa haikuonekana kuzidi. Akasoma walioanguka. Kisha akafika kwenye kile kipande, akakisoma, akafikia "mfanyakazi wetu", na hapo ndipo alipokusudia kuweka karatasi chini aseme ni mimi. Aliwaona wote wanamtazama. Akaendelea kusoma.

Vichwa vilianza kugeuka kuelekea mlangoni. Mtu alisema, bila hata kunong'ona, "Si yule Bi Jokha yule? Si alisimama hapa?" Mwingine akacheka.

Bi Jokha akainuka. "Ni mie," alisema. "Sikumwongopea mtu kwa kusudi, lakini niliwaambia nisichokuwa na haki ya kuwaambia. Mwalimu, uko hapo. Nisamehe, baba."

Aibu iliyompata Demetria hapo haikuwa ile ya mezani mbele ya Mwalimu wala ile ya mbele ya Daktari. Mama wa miaka sitini na nane alikuwa amebeba mzigo wa mtu mwingine mbele ya mtaa mzima, na mwenye mzigo amesimama na karatasi mkononi. "Subirini kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa mbovu. "Bi Jokha hana kosa. Mfanyakazi ni mimi. Nilimwinamia nikamwambia asimame, nikijua hairuhusiwi. Na ningesema dakika tatu zilizopita kama si woga. Mwalimu, na nyie wote mlioingia wiki ile, nawaomba radhi."

Mwalimu Apolinari aliinua kichwa. "Tumesikia," alisema. "Bi Jokha, kaa mama, mimi sina neno na wewe. Sista, rudia pale pa walioanguka. Huku nyuma kuna waliopiga soga."

Akarudia. Kumi na saba upande wa dawa, sita upande wa kidonge kitupu, jumla ishirini na watatu. Alisoma polepole, na namba hizo alizijua kama anavyojua majina ya wanawe, maana fomu ya kila mmoja wa wale ishirini na watatu aliijaza yeye kwa mkono wake.

Alipoinua macho, Tupokigwe alikuwa amesimama katikati ya mistari, anafungua na kufunga fundo la kanga.

"Sista, na mie niliangukaga," alisema. "Mara mbili. Moja ya hizo nilikuwa nimebeba sufuria la maharage."

Demetria alijua kwamba fomu ya Tupokigwe haipo. "Hukuniambia," alisema. "Kila ulipokuja nilikuuliza kama kuna lililokupata."

"Uliniuliza, ndiyo." Tupokigwe aliangalia chini. "Lakini nilikuwa nimemsikia Bi Jokha hapa, kapona, na watu wote wanaisifu dawa. Nikaona nikisema nimeanguka, nitaonekana mie ndio mwenye mkosi. Nikasema sina tatizo. Hata siku ile umenipa nisome, nilitaka kukwambia, ila karatasi nayo ilisema watu wamepona, nikanyamaza."

Demetria aliitazama karatasi aliyoiandika mara mbili, iliyopitishwa na kamati, iliyopigwa nakala mia tatu. Akamtazama Daktari Lusungu, naye Daktari alikuwa ameshatoa kalamu.

"Basi namba niliyowasomea ni ndogo kuliko ukweli," aliwaambia watu. "Naomba niulize upya. Kuna mwingine aliyeanguka, akaona haya kuniambia?"

Mkono mmoja ulinyanyuka karibu na dirisha, na mwingine nyuma yake, na Bi Jokha akageuka kwenye kiti chake kuwatazama wote waliokuwa wakinyanyua.